Vinyama ndani ya mji wa mimba: damu inatoka wapi, na kwa nini kusafisha kizazi mara nyingi hakuvipati

Mwanamke anapata hedhi kwa tarehe zake, mwezi baada ya mwezi, lakini katikati anaona matone ya damu kwenye nguo ya ndani. Anaambiwa homoni zimevurugika, anapewa vidonge vya miezi 3. Akivimeza damu inatulia, akiviacha inarudi. Safari ya pili hospitali anasafishwa kizazi. Mwezi mmoja au miwili anapata nafuu, kisha matone yaleyale, na sasa hata hedhi yenyewe imekuwa nzito. Mlolongo huu ukijirudia hivyo, kitu cha kutafutwa mapema ni kinyama kilichoota kwenye ukuta wa ndani wa mji wa mimba, ambacho madaktari hukiita polipu.

Mji wa mimba una nafasi ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Ndani yake kuna uwazi bapa wenye umbo la pembetatu, ukuta wa mbele ukigusana na wa nyuma. Uwazi huo umefunikwa na utando laini wenye tabaka mbili. Tabaka la juu hunenepa kila mwezi na kuporomoka kama hedhi. La chini hubaki, likaotesha jipya. Kinyama huanzia huko chini. Sehemu moja ya utando hukua kupita kiasi, ikabeba tezi zake, nyama ya kuzishikilia, na mshipa wake wa damu wenye kuta nene unaopita katikati. Vingine vinaning'inia kwa kikonyo chembamba, vingine vimekaa kwa kitako kipana. Ukubwa wake huanzia milimita chache hadi sentimita kadhaa, na takriban mwanamke 1 kati ya 5 wenye tatizo hili huwa na zaidi ya kimoja.

Kinachokikuza ni estrojeni. Projesteroni, homoni ambayo katika nusu ya pili ya mwezi huuandaa utando na hatimaye, inaposhuka, huufanya uporomoke, haikifikii kinyama kwa nguvu ileile. Kwa hiyo utando wa jirani unapotoka wote, chenyewe kinabaki pale pale, na mwezi unaofuata kinaendelea. Ndiyo sababu huonekana zaidi kwa wanawake wa miaka ya 40 na waliokaribia kukoma hedhi, kwa wenye unene mkubwa (mafuta ya mwili nayo hutengeneza estrojeni), na kwa wanaomeza tamoksifeni baada ya saratani ya matiti. Dawa hiyo huizuia estrojeni kwenye titi, lakini kwenye mji wa mimba hufanya kazi inayofanana nayo.

Matone, na damu nyingi

Matone hutoka kwa sababu kinyama kinalishwa na mshipa mmoja unaopita kwenye kikonyo. Ncha yake iko mbali na chanzo cha damu, na damu ikiingia haitoki kwa urahisi. Ncha huvimba, sehemu zake hukosa hewa na kufa kidogo kidogo, ngozi yake ya juu ikachubuka. Mchubuko huo hauisubiri tarehe ya hedhi. Unaweza kuvuja siku ya 12, siku ya 20, au siku mbili tatu kabla hedhi haijaanza. Damu ikikaa ndani kabla ya kushuka hutoka ya kahawia. Ikishuka mara moja huwa nyekundu.

Damu nyingi wakati wa hedhi ina maelezo mengine. Kwa kawaida hedhi husimama kwa sababu mishipa midogo iliyobaki wazi hujikaza na kuziba, kisha utando mpya hufunika jeraha. Mishipa minene ya kinyama haijikazi vizuri namna hiyo, na eneo linalovuja ni kubwa zaidi. Hedhi inakuwa nzito au inavuta mkia: siku 5 zinageuka 8 au 9.

Hapa pana jambo linalowapotosha wengi. Ukubwa wa kinyama hauendi sambamba na wingi wa damu. Kimoja cha milimita 8 kinaweza kumsumbua mtu kila mwezi, na kingine cha sentimita 2 kikagunduliwa kwa bahati kwa mwanamke asiye na shida yoyote. Lakini mwenye damu nyingi sana, mabonge makubwa, na tumbo la chini lililojaa asikubali kinyama kidogo kibebeshwe lawama yote. Uvimbe wa misuli ya kizazi, yaani faibroidi, unaweza kuwepo pamoja nacho, na kukata kinyama pekee hakutamaliza tatizo.

Kalenda kabla ya kipimo

Taarifa inayosaidia kuliko nyingine mwanamke anaweza kuiandika mwenyewe kwa miezi 2 au 3: siku hedhi ilipoanza, ilipoisha, siku za matone, na siku alizobadilisha pedi kila baada ya saa 1 au 2. Hesabu huanzia siku ya kwanza ya damu kamili.

Kalenda hiyo inatenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Hedhi ikija kwa mpangilio, tuseme kila siku 27 hadi 30, na matone yakaongezeka juu ya mpangilio huo, basi mayai yanapevuka na homoni zinapanda na kushuka kama inavyopaswa. Chanzo kitafutwe kwenye kiungo chenyewe, na kinyama kiko juu kwenye orodha. Lakini kama hedhi haina tarehe, mara wiki 3, mara miezi 2, ikija inamwagika bila kukoma, hapo ndipo kutopevuka kwa mayai kunapokuwa na uzito zaidi.

Kabla ya kufika ndani ya mji wa mimba kuna milango mitatu ya kufunga. Kwanza kipimo cha ujauzito, hata kwa anayesema haiwezekani. Pili, dawa za uzazi wa mpango: sindano ya miezi 3 na vijiti vya mkononi husababisha matone kwa wanawake wengi, hasa miezi ya mwanzo. Tatu, kuangalia shingo ya kizazi kwa spekulamu, kifaa cha kufungulia uke. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa yaweza kuwa ya kinyama kilichoota kwenye shingo, ya maambukizi, au ya saratani ya shingo ya kizazi, na altrasaundi nzuri kiasi gani haichukui nafasi ya jicho la mtaalamu.

Siku ya kupiga picha

Altrasaundi ndiyo njia ya kwanza, na makosa mengi hutokea hapo kwa sababu ya tarehe. Katika wiki ya mwisho ya mwezi utando wa kawaida unaweza kuwa na unene wa milimita 14 au zaidi, nao huonekana mweupe kwenye skrini. Kinyama nacho ni cheupe. Kikiwa kimezama ndani ya utando huo, mpigaji picha anaona unene tu, na ripoti inaandikwa kuwa kila kitu ni salama au kwamba ukuta ni mnene. Muda mzuri ni punde tu hedhi inapokatika, kati ya siku ya 5 na ya 10. Wakati huo utando ni mwembamba, na kinyama hujitokeza kama doa jeupe lenye mipaka. Mwenye damu isiyo na tarehe anaweza kupewa dawa ya projesteroni kwa siku chache ili utando ushuke, halafu apigwe picha damu ikikoma.

Kifaa nacho kina uzito wake. Altrasaundi ya kupitia tumboni, ile ya kunywa maji mengi na kubana mkojo, huona vizuri faibroidi kubwa lakini kinyama kidogo huikwepa. Ya kupitia ukeni hufanywa kibofu kikiwa kitupu, na inakaribia kabisa mahali penyewe. Kwa ambaye hajawahi kujamiiana njia hiyo huachwa. Mpigaji akiwasha dopla, ambayo huonyesha damu inayotembea, anaweza kuona mshipa mmoja ukiingia kwenye doa. Mshipa huo ni ushahidi mzuri, kwa sababu bonge la damu lililoganda laweza kufanana na kinyama ila halina mshipa, na kwa kawaida siku chache baadaye halipo tena.

Picha ikibaki na utata, huongezwa maji. Mrija laini hupitishwa kwenye shingo ya kizazi na maji safi ya chumvi ya dripu yakaingizwa polepole, mililita 5 hadi 20 hutosha. Maji ni meusi kwenye skrini. Kuta mbili zilizokuwa zimegusana zinaachana, na kinyama kinaonekana kikiwa ndani ya giza hilo, pamoja na mahali kiliposhikilia. Mwanamke huhisi maumivu ya kubana kama ya hedhi kwa dakika chache. Kipimo hiki hakifanywi akiwa na maambukizi ya nyonga au kukiwa na uwezekano wa ujauzito.

Kusafisha bila kuona

Kusafisha kizazi kwa kukwangua kuna kazi yake, hasa kuzuia damu ya dharura au kutoa mabaki ya mimba iliyoharibika. Kwa kinyama kuna udhaifu mkubwa: daktari haoni. Kijiko kinakwangua ukuta, na kinyama chenye kikonyo kinainama na kukipisha, mwani unavyolala mkondo unapopita, kisha kinasimama tena. Kikikatika, mara nyingi ni kichwa tu. Mzizi unabaki na kuota upya. Mrija mwembamba wa kunyonya sampuli kliniki una mpaka huohuo. Ni mzuri kwa ugonjwa ulioenea kwenye utando wote, lakini kipande kinachotoka huenda kimenyonywa milimita chache kando ya kinyama.

Kwa hiyo jibu la maabara linalosema utando ni wa kawaida halimaanishi hakuna kinyama. Ile nafuu ya mwezi mmoja nayo inaeleweka: utando wote umekwanguliwa, basi hakuna cha kumwaga mpaka uote tena.

Mahali ambapo histeroskopi, yaani kamera ya kuangalia ndani ya mji wa mimba, haipatikani, na ni hospitali nyingi za wilaya, daktari anaweza kutumia koleo la vinyama baada ya altrasaundi kuonyesha kipo ukuta gani, huku altrasaundi ikimwongoza kutoka tumboni. Ni afadhali kuliko kukwangua gizani, ila ni lazima picha irudiwe baada ya hedhi inayofuata kuhakikisha kimetoka. Mwenye uwezo wa kupewa rufaa kwenye hospitali kubwa yenye histeroskopi aiombe.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 43 mwenye watoto wawili. Hedhi inakuja kila siku 28, inakaa siku 8, siku 3 za mwanzo anabadilisha pedi kila saa 2. Kati ya siku ya 17 na ya 23 ana matone. Altrasaundi ya siku ya 22 ilisema utando una milimita 15. Alisafishwa, maabara ikasema kawaida, miezi 2 baadaye yakarudi. Hemoglobini yake ni gramu 8.9 kwa desilita. Chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu wa damu. Akiba ya madini ya chuma, inayopimwa kama feritini, imebaki 7, ambayo ni kidogo sana.

Kinachofanyika kwanza ni kumwongezea damu kwa dawa. Anapewa kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200, kimoja kwa siku, akimeze tumbo likiwa tupu kwa maji au juisi ya chungwa. Chai ndiyo inayoharibu dawa hii kwa wengi wetu: inaizuia chuma isifyonzwe, kwa hiyo iwe mbali na kidonge kwa saa 2 hivi. Siku za damu nyingi anameza asidi ya traneksamiki gramu 1 mara 3 kwa siku, kwa siku zisizozidi 4 au 5. Mwenye historia ya damu kuganda mguuni au kwenye mapafu hapewi. Dawa hizi hazitoi kinyama, zinamfikisha kwenye upasuaji akiwa na nguvu.

Altrasaundi ya ukeni inarudiwa siku ya 7. Utando sasa una milimita 5, na ndani yake doa jeupe la milimita 18 kwa 9 lenye mshipa mmoja. Anapangiwa histeroskopi ya mwezi unaofuata, siku ya 8.

Siku yenyewe kipimo cha ujauzito kinarudiwa. Kwa kinyama cha ukubwa huu kazi yaweza kufanyika kliniki akiwa macho, baada ya kumeza ibuprofeni saa 1 kabla, au chumba cha upasuaji kwa dawa ya usingizi. Hapo asile chochote kwa saa 6. Kamera yenye unene wa milimita 3 hadi 5 inapitishwa ukeni na kwenye shingo ya kizazi, maji ya chumvi yakiingia nayo ili kufungua uwazi. Daktari huangalia kwanza: dari, kuta zote, na pembe mbili ambamo mirija ya uzazi hufungukia, maana kinyama cha pili hupenda kujificha pembeni. Kisha anakifuata kikonyo hadi kinapogusana na ukuta, na kukata hapo. Akikata katikati ya kikonyo ameacha mbegu. Anatumia mkasi mdogo, waya wa umeme, au kifaa kinachokata na kunyonya vipande papo hapo. Kisichokatwa vipande hushikwa kwa koleo na kuvutwa pamoja na kamera. Kikiwa kikubwa kuliko njia ya shingo hukwama, na kinaweza kuponyoka kikabaki ndani, kwa hiyo kamera inarudishwa mara ya mwisho kuangalia.

Muda wote muuguzi anahesabu maji yaliyoingia na yaliyotoka. Hapa yameingia mililita 1,800, yametoka 1,600. Tofauti ya 200 ndiyo iliyoingia mwilini, na ni ndogo. Kwa maji ya chumvi, kazi husimamishwa tofauti ikifika mililita 2,500 kwa mtu mwenye afya, na mapema zaidi kwa mzee au mgonjwa wa moyo. Baadhi ya nyaya za umeme za zamani haziwezi kufanya kazi ndani ya maji ya chumvi na hutumia maji yasiyo na sodiamu. Hapo mpaka ni mililita 1,000 tu, kwa sababu sodiamu ya damu ikishuka ghafla ubongo huvimba.

Hatari inayoogopwa zaidi ni kutoboa ukuta wa mji wa mimba. Hutokea kwa nadra, chini ya mara 1 katika 100, na zaidi wakati wa kufungua shingo iliyobana. Daktari huitambua uwazi unapojikunja ghafla, maji yanapopotea kwa kasi, au akiona mafuta ya tumboni mbele ya kamera. Kazi inasimama papo hapo. Tundu dogo lililotobolewa na chombo butu huziba lenyewe chini ya uangalizi. La waya wa umeme hulazimu kuchunguza utumbo.

Kipande kwenda maabara, na yasiyohitaji kukatwa

Kinyama chote hupelekwa maabara, hata kikionekana safi. Vingi mno si saratani. Kabla ya kukoma hedhi, vyenye saratani au mabadiliko ya kuielekea ni takriban 1 hadi 2 katika 100. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi kisha akatokwa damu, ni kama 5 katika 100. Ndiyo maana kwa huyu wa pili hakuna kusubiri: tone moja la damu mwaka mmoja baada ya hedhi kukoma linatosha kumpeleka hospitali, na kinyama kikionekana hutolewa.

Upande wa pili, mwanamke ambaye bado anapata hedhi, hana dalili, hatafuti ujauzito, na altrasaundi imeonyesha kinyama chini ya sentimita 1, ana haki ya kungoja. Karibu robo ya vinyama hupotea vyenyewe ndani ya mwaka, hasa vidogo. Anayetafuta mtoto kwa muda mrefu hali yake ni tofauti, na kwa kawaida hushauriwa kitolewe kabla ya matibabu ya kushika mimba.

Baada ya kukatwa, damu kidogo au majimaji ya waridi kwa siku kadhaa hadi wiki 2 ni kawaida. Tampuni na tendo la ndoa huachwa mpaka damu ikome, kwa kawaida kama wiki 1. Homa, uchafu wenye harufu, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au pedi kujaa kila saa ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Yule wa mfano wetu aendelee na chuma kwa miezi 3 baada ya hemoglobini kurudi kwenye 12, kwa sababu akiba hujaa nyuma ya damu. Matone yanapaswa kuisha kuanzia mzunguko wa kwanza au wa pili. Yakiisha lakini hedhi ikabaki nzito, faibroidi na sababu nyingine zitafutwe, na kitanzi chenye levonojestreli, homoni ya jamii ya projesteroni, huwa chaguo zuri kwa asiyetaka mimba. Yakirudi baada ya mwaka au miaka, huenda kinyama kingine kimeota, na altrasaundi ya ukeni ipigwe tena, siku ya 5 hadi ya 10, akiwa na ripoti ya kwanza mkononi inayoonyesha kile cha mwanzo kilishikilia ukuta gani.